Umeshaingia Wera? Hivi Ndivyo Unamshukuru Rikruta Bila Kumletea Noma

Chukulia hivi. Chali mmoja wa Butere amesota karibu mwaka mzima. Halafu rikruta wa ajensi fulani ya Kisumu anampigia simu, anampeleka intavyu, na chali anapata wera ya kusimamia stoo ya duka la vifaa vya umeme. Jumatatu anaripoti. Jumamosi anapanda mathree kurudi ushago, na akifika anapata mathe ameshaamua mambo yake. Kuna jogoo amefungwa miguu pale jikoni, na ni wa kupelekewa "huyo madam wa kazi".

Ukiwa umelelewa huku kwetu unajua jogoo si mchezo. Ndiyo heshima yenyewe. Lakini chali amekwama. Akimpeleka, je, ataonekana anahonga? Asipompeleka, si ataonekana hana shukrani? Na akinyamaza kabisa, siku akihitaji jobo ingine atampigia huyo madam akisema nini?

Hii hapa rada yote.

Kwanza jua nani alimlipa

Wasee wengi hufikiri rikruta aliwasaidia kwa roho safi, kwa hivyo wanadaiwa. Ukweli ni kwamba rikruta wa ajensi hulipwa na kampuni iliyokuchukua, na mara nyingi hizo doo hupigwa hesabu kutoka kwa mshahara wako. Mteja wake ni mdosi wako. Wewe ndiwe aliyepelekwa.

Sasa skiza hii, kwa sababu ndiyo inabadilisha kila kitu. Mikataba mingi ya ajensi na kampuni huwa na garanti. Ukitoka au ukifutwa ndani ya muda fulani, mara nyingi miezi 3, ajensi inatafuta mtu mwingine bila kulipwa tena, ama inarudisha sehemu ya doo. Kwa hivyo siku uliyoripoti, wewe ulishangilia lakini yeye alianza kuhesabu siku.

Kuna saa ya pili pia inapiga. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema probesheni, yaani muda wa majaribio, isizidi miezi 6. Inaweza kuongezwa hadi miezi mingine 6, lakini ni mpaka wewe ukubali. Ukiwa ndani ya muda huo, mkataba unaweza kukatwa kwa notisi ya siku 7 tu.

Kama aliyekuchukua ni mtu wa kuajiri wa kampuni yenyewe, hakuna malipo ya ajensi. Lakini jina lake bado liko juu yako. Ukiharibu, yeye ndiye ataulizwa alikutoa wapi.

Kwa hivyo asante nzuri inajibu swali ambalo rikruta ako nalo kichwani: huyu msee ameripoti, na ako sawa?

Meseji ya kwanza

Usiitume siku ya kupewa ofa. Hiyo siku kila mtu anasema asante, na bado hujafanya chochote. Ngoja umalize wiki moja ama mbili kazini, uwe na kitu cha kusema. Itume asubuhi siku ya kazi, kwa njia ile ile mlikuwa mkiongea. Kama ilikuwa imeli, jibu kwenye ile imeli ya zamani ndio aone historia yote hapo juu.

Weka vitu vinne tu. Jina lako lote na mahali alikupeleka, kwa sababu yeye huongea na watu wengi na huenda hakuseivu namba yako. Tarehe uliripoti. Kitu kimoja hasa alichofanya kikakusaidia. Na kitu kimoja cha ukweli kuhusu kazi. Halafu nyamaza. Usiombe kitu.

Ya yule chali ingekaa hivi:

"Habari ya asubuhi madam. Ni yule kijana wa Butere uliyempeleka stoo ya vifaa vya umeme, na jina langu kamili liko hapo chini. Niliripoti Jumatatu iliyopita na nimemaliza wiki ya kwanza. Ulinipigia siku moja kabla ya intavyu ukaniambia nijiandae kueleza vile nahesabu mali, na hilo ndilo swali la kwanza niliulizwa. Asante sana. Wiki hii nimefunzwa kupokea mzigo na kuulinganisha na risiti, na Jumatatu naanza kuufanya mwenyewe. Siku njema."

Cheki hiyo sehemu ya simu ya kabla ya intavyu. Hiyo ndiyo inafanya ionekane imeandikiwa yeye. "Asante kwa kila kitu, Mungu akubariki" ni maneno mazuri, lakini anaweza kutumiwa na mtu yeyote, na haimwambii kama uko kazini ama ulitoroka Jumatano.

Akijibu "karibu, kazi njema", basi imeisha hapo. Akikuachia tiki za bluu pia ni sawa, ameona. Usimfuate na "ulipata meseji yangu?"

Sasa huyo jogoo

Kenya iko na Sheria ya Hongo ya 2016, na haigusi serikali peke yake. Kampuni binafsi pia zimo. Haiongei kuhusu pesa tu, inaongea kuhusu faida yoyote ile, na anayetoa anashikwa sawa na anayepokea. Adhabu inaweza kufika miaka 10 ndani, ama faini ya milioni 5, ama zote mbili.

Je, jogoo wa mathe ni hongo? Hongo ni kumpa mtu kitu ndio afanye kazi yake vibaya, ama kumzawadia kwa sababu aliifanya vibaya. Kama ulipita intavyu kwa haki na hukuahidi mtu chochote, jogoo wa shukrani si kitu hicho. Shida ni vile ataonekana akifika ofisini. Yule msee mwingine aliyekosa hiyo nafasi akisikia rikruta aliletewa kuku, atasema nini? Na hiyo sheria inataka mtu mwenye mamlaka, hata kwa kampuni binafsi, aripoti akishuku hongo, ndani ya masaa 24. Kwa hivyo unaweza kumweka madam wa watu pabaya ukidhani unamheshimu. Ofisi nyingi pia ziko na sheria zao za zawadi.

Kutuma soo tano kwa M-Pesa ya "chai" ni mbaya zaidi. Hiyo ni doo, na inabaki kwa rekodi ikiwa na jina lako na lake.

Mathe unamwelezaje bila kumvunja roho? Mwambie ukweli: "Mathe, huyu madam anaweza kupoteza kazi kwa sababu ya huyu kuku." Mama wa Butere ataelewa hiyo haraka kuliko hotuba ya sheria.

Na kama ni rikruta ndiye anaomba "asante" baada ya wewe kuanza kazi, hiyo si shukrani tena. Usitume. Weka hizo meseji, usifute.

Kuweka moto bila kuchoma

Butere ndio mwisho wa reli ya kutoka Kisumu. Marikruta wengi wako Kisumu na Nairobi, na hutawahi kupatana naye sokoni ukamsalimia. Ukikaa kimya miaka 2, kwake wewe ni namba tu.

Lakini hahitaji salamu kila wiki. Ziko nafasi tatu zinazofaa.

Ya kwanza ni ukithibitishwa kazini. Meseji ya laini mbili: nimemaliza probesheni, nimepewa barua, asante tena. Kwake hiyo ni habari tamu, kwa sababu hata ile garanti ya ajensi pengine imeisha, na ako na mfano wa kumwonyesha mteja mwingine.

Ya pili ni kitu kikibadilika: umepandishwa cheo, umemaliza kozi, umebadilisha namba. Hiyo ya namba wasee husahau sana. Yeye pia huhama, na ile namba ya ofisi inabaki kwa ajensi, kwa hivyo mtafute LinkedIn, maana akaunti huhama na mwenyewe.

Ya tatu ndiyo kali kushinda zote. Yeye akitafuta watu, mletee mtu mmoja. Mmoja, si kumi. Akipostia nafasi ya dereva na unajua msee anaendesha fiti, kwanza muulize huyo msee kama anataka, kisha mwandikie rikruta umemjuaje. Jina lako liko hapo, kwa hivyo usilete mtu hungemwachia funguo za stoo. Na usiwahi kumwaga namba ya madam kwa grupu ya WhatsApp ya familia. Binamu 15 wakimpigia siku moja wakisema "nimepewa namba na..." umekwisha.

Kuhusu WhatsApp, usidhani statasi zako zinakuweka karibu. Haoni statasi yako kama hajaseivu namba yako. Meseji ya kutumia watu wengi kwa mpigo, ile ya Krismasi, pia haimfikii kama hajakuseivu.

Kazi ikigeuka chungu

Kumbuka mteja wake ni nani. Ukimwandikia usiku "huyu mdosi ni mshenzi", inaweza kumfikia mdosi. Lakini kama kazi si ile mliambiwa, mfano mshahara umekuja chini ya ofa, mpigie mapema, mpe tarehe na kiasi. Anaweza kumuuliza mteja, na ako na sababu ya kutaka ubaki.

Kama unatoka ndani ya miezi hiyo 3, asijue kutoka kwa kampuni. Mwambie wewe mwenyewe ukipeana notisi. Atakasirika, ndiyo, kwa sababu anarudi kutafuta upya. Lakini aliyeambiwa husahau haraka kuliko aliyetorokwa.

Faili yako

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitaki mtu akae na habari zako zaidi ya vile inahitajika. Ajensi inaweza kufuta sivii yako ukishapata kazi. Kwa hivyo kwenye ile meseji ya kuthibitishwa ongeza laini moja: "Nakubali muendelee kuweka sivii yangu, na nimetuma mpya." Siku akitafuta mtu wa stoo mwenye miaka 2 ya kazi, utatokea.

Na jogoo? Aliliwa hapo hapo nyumbani, Jumapili mchana. Jumatatu asubuhi chali akatuma meseji yake akiwa kwa mathree ya kurudi Kisumu.