Alama za tathmini ya kazi na nyongeza ya mshahara
Alama za tathmini hugawa fungu la fedha, hazilijazi. Tuseme kiwanda cha Changamwe kimetenga bonasi ya shilingi 300,000 igawanwe na wenye alama ya juu kati ya wafanyakazi 10. Wakipata alama ya juu watano tu, kila mmoja huchukua 60,000. Wakiipata wote, ni 30,000. Kazi ni ileile, fungu ndilo halikukua. Nyongeza ni ngumu zaidi, kwani hulipwa kila mwezi. Muuguzi wa kaunti huko Likoni aliyefika kilele cha ngazi yake ya mshahara hubaki palepale, hata akisifiwa vipi, hadi apandishwe cheo. Itasemwa basi tathmini ni bure. Sivyo: nafasi ikitokea, alama hizo ndizo ushahidi wake. Omba nakala iliyotiwa saini, uihifadhi.