Dalali akiuza shamba lako: Namna ya kuyafungamanisha maslahi yake na yako

MWENYE shamba Kachibora, mashariki mwa Kaunti ya Trans Nzoia, anapoamua kuuza ekari chache, ni nadra auze peke yake. Humtafuta dalali wa kumletea mnunuzi, kisha wakili wa kuandika mkataba. Wote wawili hujadiliana kwa niaba yake na wote hulipwa kutokana na mauzo hayo. Hata hivyo, kile kinachowafaa wao si lazima kimfae yeye.

Wanauchumi huliita jambo hili tatizo la mwenye mali na wakala wake. Huzuka pale wakala anapojua mengi kuliko aliyemtuma, huku juhudi zake hazionekani na malipo yake ni sehemu ndogo tu ya faida anayoitafutia wengine. Dalali hahitaji kuwa mwizi ili akutie hasara. Inatosha kwamba hesabu yake ni tofauti na yako.

HESABU YA ASILIMIA TATU

Tuchukue mfano. Una ekari tatu, na dalali ameleta mnunuzi wa Sh900,000 kwa ekari, yaani Sh2,700,000 kwa jumla. Mmekubaliana kamisheni ya asilimia tatu, kwa hivyo dalali atapata Sh81,000. Tuseme kwamba mkingoja miezi miwili na kuonyesha shamba kwa wanunuzi zaidi, bei itafika Sh1,000,000 kwa ekari.

Kwako wewe, subira hiyo ina thamani ya Sh300,000, na ukiondoa kamisheni unabaki na Sh291,000 za ziada. Kwa dalali, miezi miwili ya nauli, simu na kutembeza wageni mashambani itamwongezea Sh9,000 pekee. Isitoshe, mnunuzi aliyepo leo anaweza kwenda kununua kwa dalali mwingine. Haishangazi basi kwamba atakuambia soko limelala na bei hiyo ni nzuri.

Wasomi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, waliuchunguza mtindo huu katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008. Walilinganisha takriban nyumba 100,000 zilizouzwa karibu na jiji la Chicago, zikiwemo nyumba za madalali wenyewe. Waligundua kuwa dalali akiuza nyumba yake huiacha sokoni siku tisa na nusu zaidi, na huiuza kwa karibu asilimia 3.7 zaidi ya anavyouza nyumba ya mteja inayofanana nayo.

'KITAKACHOZIDI NI CHAKO'

Baadhi ya wauzaji hudhani wamepata dawa kwa kumwambia dalali: 'Nipe laki tisa mkononi kwa kila ekari, kitakachozidi ni chako.' Ni kweli kwamba dalali huyo atapigania bei kwa bidii, lakini hapiganii bei yako tena. Shamba likiuzwa kwa Sh1,100,000 kwa ekari, Sh600,000 zitaingia mfukoni mwake nawe hutapata habari.

Dalili za mtindo huu hutambulika. Dalali hukuzuia kukutana na mnunuzi, au humwonya mnunuzi asitaje bei mbele yako. Hutaka mtie saini siku tofauti, na hutaka fedha zipitie kwake. Chini ya kanuni za sheria ya uwakala zinazofuatwa na mahakama za Kenya, wakala hapaswi kujipatia faida ya siri, na akifanya hivyo aliyemtuma ana haki ya kuidai. Lakini ni vigumu kudai usichokijua. Pia, sheria inamtaka anayefanya kazi ya udalali wa ardhi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Mali. Muulize cheti chake kabla ya kumpa nakala ya hati.

MALIPO YANAYOPANDA NA BEI

Njia ya kati ni kumlipa dalali kiasi kidogo hadi bei ya msingi, kisha fungu kubwa la kila shilingi inayozidi hapo. Kwa shamba letu, mwahidi asilimia moja ya Sh2,700,000 za kwanza, yaani Sh27,000, na asilimia 20 ya kinachozidi. Likiuzwa kwa Sh3,000,000 atapata Sh87,000, nawe utabaki na Sh2,913,000. Kwa kamisheni ya asilimia tatu ungemlipa Sh90,000. Gharama ni karibu sawa, ila sasa zile Sh300,000 za mwisho zinampa yeye Sh60,000 badala ya Sh9,000. Ana sababu ya kungoja.

Mpango huu una mipaka. Ukiweka bei ya msingi chini mno, utamlipa asilimia 20 kwa kazi ambayo haikuhitaji jasho. Kwa hivyo waulize kwanza majirani waliouza karibuni, au mlipe mthamini aliyesajiliwa, na usimtegemee dalali akutajie bei hiyo. Weka muda pia, kwani dalali mwenye tamaa ya fungu kubwa anaweza kumkataa mnunuzi mwema ilhali karo inakudai. Mtake akupe kila wiki orodha ya walioliona shamba na bei walizotaja. Na yote haya yanafaa tu ikiwa bei halisi imo katika mkataba uliouona ukitiwa saini, na fedha zinalipwa moja kwa moja kwenye akaunti yako au ya wakili wako.

Usimlipe yote arubuni inapotolewa. Mauzo ya shamba la kilimo yanahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi lapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa. Bila idhini, sheria huuhesabu mkataba kuwa batili na mnunuzi anaweza kudai fedha zake. Dalali aliyekwisha kulipwa hana haja ya kumfuata mnunuzi anayechelewesha salio. Mpe nusu ya kamisheni arubuni ikifika, na nusu baada ya salio kulipwa.

WAKILI NAYE

Kwa wakili, hesabu ni nyingine. Ada za uhamisho wa ardhi hufuata viwango vya kisheria kulingana na thamani ya mali, na wakili haruhusiwi kutoza chini yake. Katika kesi, kama ya fidia ya ajali, Sheria ya Mawakili inabatilisha mapatano ya kumlipa wakili iwapo tu atashinda. Huwezi basi kumvuta kwa fungu la ushindi.

Swali la kujiuliza ni nani atakayemletea kazi tena. Wewe unauza shamba mara moja maishani, lakini dalali humpelekea wateja kila mwezi. Wakili aliyechaguliwa na dalali, au anayewawakilisha muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, ana sababu ya kutaka mauzo yapite upesi hata kama kuna kifungu kinachokuumiza. Mchague mwenyewe, na muandikiane kuwa ada italipwa kwa awamu: mkataba ukitiwa saini, idhini ya bodi ikipatikana, na uhamisho ukisajiliwa. Akizuia fedha zako, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.