Leseni ya tovuti ya kamari: uhakiki wake Mombasa bara

Leseni ya tovuti ya kamari ni kibali ambacho kampuni hupewa na serikali ya Kenya ili ipokee pesa za wachezaji. Likoni, Kisauni na Changamwe wengi hubeti kwa simu na kulipa kwa M-Pesa, kwa hiyo uhakiki huanzia kwenye namba ya malipo.

Kwa miaka mingi leseni hizo zilitolewa na Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari (BCLB), iliyoundwa kwa sheria ya 1966. Sheria mpya ya mwaka 2025 imeanzisha Mamlaka ya Kudhibiti Kamari ichukue nafasi yake. Leseni ina muda wake, na umaarufu hauirefushi. Julai 2019 kampuni 27, zikiwemo SportPesa na Betin, hazikuhuishiwa leseni, na Safaricom ikaagizwa kuzifungia namba za malipo.

Nembo ya serikali iliyo chini ya ukurasa si ushahidi, maana yeyote aweza kuinakili. Tafuta jina la kampuni yenyewe, ambalo mara nyingi si lile la matangazo: Betika, kwa mfano, ni jina la biashara la Shop and Deliver Limited. Jina hilo liwemo katika orodha ya mdhibiti ya mwaka huu, na lilingane na linalotokea kwenye simu unapolipa kwa Paybill. Ukiambiwa utume pesa kwa namba ya mtu binafsi, acha hapo hapo. Leseni ya ng'ambo nayo haiiruhusu kampuni kufanya biashara Kenya.

Kuchelewa kwa malipo hakumaanishi utapeli kila mara. Muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000, kwa hiyo ushindi wa 400,000 hugawanywa. Kampuni pia inaweza kutaka kitambulisho. Kinachotia shaka ni sababu zinazobadilika: leo mtandao, kesho ukaguzi, keshokutwa ada. Wakisema wameshalipa, waombe namba ya muamala, kisha uitafute katika taarifa yako ya M-Pesa.

Tuseme mchezaji wa Likoni anatoa shilingi 4,000. Kwa sheria ya fedha ya 2025, asilimia 5 hukatwa pesa zinapotoka: anakatwa 200, anapokea 3,800. Tovuti inayomtaka atume kwanza hizo 200 ndipo alipwe inamwibia, kwa kuwa kodi hukatwa ndani ya malipo.

Masharti yasomwe kabla ya kuweka pesa. Yanayoeleweka hutaja kiwango cha chini cha kutoa, muda wa malipo, na bonasi ichezwe mara ngapi kabla ya kutolewa. Yakisema tu kwamba kampuni "inaweza kusitisha malipo kwa hiari yake", huna cha kuidai siku ikikataa kulipa. Tovuti ya namna hiyo isipewe hata shilingi.