Filamu Moja, Madaraja Mengi: Alama ya Umri Humpima Nani?

Watu wengi huamini kwamba alama ya umri iliyobandikwa kwenye tangazo la filamu ni kipimo cha filamu yenyewe, kama vile kipimajoto kinavyopima homa. Kama ingekuwa hivyo, filamu moja ingepata alama moja duniani kote, maana picha na maneno yake havibadiliki inapovuka mpaka. Hali halisi ni tofauti. Kinachobadilika ni swali ambalo kila nchi huiuliza filamu, na swali hilo lina historia yake. Tukiifuata historia hiyo tutaona kwamba alama ya umri hueleza mengi kuhusu uhusiano wa dola na raia wake, pengine kuliko inavyoieleza filamu.

Tuchukue mfano wa The King's Speech, filamu iliyotoka mwaka 2010 na kushinda tuzo nne za Oscar mwaka uliofuata, ikiwamo ya filamu bora. Inasimulia jinsi Mfalme George wa Sita wa Uingereza alivyohangaika na kigugumizi. Haina mauaji, haina uchi, wala haina tendo la ndoa. Ila kuna mahali ambapo mtaalamu wa matamshi anamchokoza mgonjwa wake atukane, kwa kuwa ameona kwamba mtu huyu hagugumii anapokuwa na hasira. Mgonjwa anaporomosha tusi moja zito la Kiingereza, analirudia tena na tena, na ulimi wake unafunguka.

Nchini Marekani filamu hiyo ilipewa alama R. Kanuni ya huko kuhusu tusi hilo karibu ni ya hesabu: likitamkwa mara moja kama neno la ukali, filamu huanzia PG-13, likitamkwa zaidi ya mara moja, huwa R. Bodi inaweza kuiondoa filamu chini ya kanuni hiyo iwapo theluthi mbili ya wanachama wake wataona kwamba mazingira ya neno yanastahili huruma, lakini jambo hilo ni nadra. Wasambazaji walikata rufaa, wakashindwa. Baadaye, Aprili 2011, walitoa toleo jingine ambalo baadhi ya matusi yalizimwa sauti, na toleo hilo likapata PG-13. Hadithi ilibaki ileile. Kilichopungua ni idadi ya matusi yanayosikika.

Uingereza ilianza kwa kuipa filamu hiyo alama 15. Mwongozaji wake, Tom Hooper, alilalamika kwamba filamu zenye mateso ya kutisha zilikuwa zimepewa alama nyepesi kuliko yake. Rufaa ilipokatwa, bodi ya Uingereza iliyatazama matusi yale upya: hayakuelekezwa kwa mtu, hayakuambatana na vitisho, na yalikuwa sehemu ya tiba. Alama ikashushwa hadi 12A, pamoja na maelezo kwamba lugha kali iliyomo ni ya mazoezi ya kusema. Kwa ufupi, Marekani ilihesabu neno na Uingereza ikauliza neno lile lilikuwa linafanya kazi gani.

Hapa msomaji ajihadhari na kosa la kulinganisha herufi na tarakimu kama bei za soko moja. Alama R haimkatazi mtoto kuingia. Inasema tu kwamba aliye chini ya miaka 17 aandamane na mzazi au mlezi mtu mzima. Alama 15 ya Uingereza ni marufuku kamili: mtoto wa miaka 14 hataingia hata akishikwa mkono na baba na mama. Kwa hiyo 15, inayoonekana nyepesi kwa kuwa tarakimu yake ni ndogo, kwa kweli ni kali kuliko R. Nayo 12A inamruhusu hata mtoto wa miaka minane, mradi awe na mtu mzima. Kabla ya kuuliza alama ni ngapi, tuulize kwanza kama alama hiyo ni ushauri au ni amri, na kama ni amri, ni ya nani.

Jibu la swali hilo, kwa Uingereza, lilianzia kwenye moto. Utepe wa filamu za zamani ulitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachoshika moto upesi na kuzimika kwa shida. Mwaka 1909 Bunge lilipitisha sheria iliyozipa halmashauri za miji mamlaka ya kutoa leseni kwa kumbi za sinema, kusudi likiwa usalama wa watazamaji. Lakini mwaka 1911 mahakama iliamua kwamba halmashauri inaweza kuweka katika leseni masharti yasiyohusu moto; katika kesi hiyo, sharti lilihusu kufungua ukumbi siku ya Jumapili. Mlango ukawa wazi. Anayeweza kukunyima leseni kwa sababu ya Jumapili anaweza kukunyima pia kwa sababu ya filamu unayoonyesha.

Wenye biashara ya sinema waliogopa kwamba kila mji ungekuwa na mkaguzi wake na hukumu yake. Mwaka 1912 wakaunda bodi yao wenyewe, iliyoanza kazi mwaka 1913 ikiwa na alama mbili tu: U kwa watu wote na A kwa zile zilizofaa zaidi watu wazima. Halmashauri polepole zikazoea kuifuata, lakini mamlaka ya kisheria kuhusu kumbi yamebaki kwao mpaka leo. Mwaka 2002 filamu ya Spider-Man ilipewa alama 12, ambayo wakati huo ilikuwa marufuku kamili kwa walio chini ya umri huo. Wazazi walinung'unika, na baadhi ya halmashauri zikaamua kuwaingiza watoto hao. Mwezi Agosti mwaka huohuo bodi ikaanzisha 12A. Amri iligeuzwa kuwa ushauri kwa sababu raia, kupitia halmashauri zao, walikuwa na mahali pa kuipinga.

Marekani ilipita njia nyingine. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ilisema kwamba sinema ni biashara tu na haistahili ulinzi wa uhuru wa kusema. Majimbo na miji ikakagua filamu ipendavyo. Kampuni za filamu zilijiwekea kanuni kali, zilizotekelezwa kwa dhati kuanzia 1934, ambapo filamu ama ilifaa kwa wote ama haikufaa kabisa. Mwaka 1952 Mahakama hiyohiyo iligeuza msimamo na kusema kwamba sinema ni usemi unaolindwa na katiba. Kisha mwaka 1968 ikakubali kwamba serikali inaweza kuwawekea watoto mipaka isiyowahusu watu wazima. Kampuni ziliona hatari iliyokuwa inakuja, na Novemba 1968 zikaanzisha madaraja ya umri. Lengo lilikuwa kuiweka serikali mbali. Ndiyo maana mfumo wa Marekani ni wa hiari na wakadiriaji wake ni wazazi. Wanachojaribu kukisia ni kitu kimoja tu: mzazi wa kawaida wa Marekani angependa kuonywa kuhusu nini? Na mzazi huyo, kwa desturi ya huko, hushtushwa na tusi upesi kuliko anavyoshtushwa na bastola.

Sasa turejee kwetu. Ukaguzi wa filamu uliletwa Afrika Mashariki na dola ileile ya Uingereza, lakini ulipofika huku ulibadilika sura. Katika makoloni ya Afrika Mashariki na Kati, filamu iliyopitishwa kwa Wazungu iliweza kuzuiwa kwa Waafrika. Ilihofiwa kwamba Mwafrika akimwona mzungu mlevi, mzungu mwizi, au mwanamke wa kizungu aliyekaa nusu uchi, heshima ya mtawala ingeporomoka. Rangi ikachukua nafasi ya umri. Mzee wa Kiafrika mwenye wajukuu aliwekwa chini ya kijana wa kizungu katika orodha ya wanaostahili kutazama. Kule London bodi ilimpima mtoto; huku ilimpima mtawaliwa.

Ubaguzi ule wa rangi ulifutwa na uhuru, lakini kiini cha sheria kilibaki: filamu ni kitu kinachohitaji kibali cha dola kabla ya kuonyeshwa. Sheria ya Kenya ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ni ya mwaka 1962, na ya Tanzania Bara ni Sheria Na. 4 ya mwaka 1976. Bodi ya Kenya ina madaraja ya umri, kutoka filamu za watu wote hadi za waliotimiza miaka 18. Lakini juu ya madaraja hayo ina uwezo mwingine: kuinyima filamu kibali kabisa, kwa sababu pana kama utulivu wa umma na staha.

Tofauti hiyo ilionekana wazi mwaka 2018. Filamu ya Rafiki, ya mwongozaji Wanuri Kahiu, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwa tamasha la Cannes. Inahusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Mwezi Aprili bodi iliipiga marufuku, ikisema filamu inakusudia kuhamasisha usagaji kinyume cha sheria. Kahiu alieleza hadharani kwamba aliombwa abadilishe mwisho wa filamu, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno, naye akakataa. Septemba 21 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, kwa watu wazima tu, akisema hakuamini kwamba jamii ya Kenya ni dhaifu kiasi cha misingi yake kutikiswa na filamu. Watu walipanga foleni. Siku saba zikaisha, marufuku ikarudi, na Aprili 2020 Jaji mwingine wa Mahakama Kuu akaikubali.

Mtu anaweza kuichukia maudhui ya filamu hiyo kwa dini yake au kwa mila yake, na ana haki hiyo. Hoja yangu ni nyingine. Iwapo kilichotatiza kilikuwa mwisho wenye matumaini, basi hapakuwa na kitu cha kupimwa kwa umri. Hakuna umri ambao mtu akiufikia anaanza kustahimili matumaini. Bodi ilikuwa imeacha kazi ya kuainisha na kushika kazi ya kuhariri. Na aliyezuiwa, kwa siku zote ukiondoa zile saba, hakuwa mtoto wa miaka kumi bali Mkenya mwenye kitambulisho, mpiga kura na mlipa kodi.

Nchi zitaendelea kutofautiana, na si vibaya zitofautiane. Mzazi wa Mombasa hana wajibu wa kushtushwa na yanayomshtusha mzazi wa Ohio. Lakini kuna mpaka mmoja ambao historia hii inatuonyesha jinsi ya kuutambua. Alama inayosema mtoto asubiri ni uainishaji, hata ikiwa kali. Alama inayomwambia mtu mzima asubiri, bila kumwambia mpaka lini, inatoka katika ghala lilelile lililomwambia babu yake kwamba filamu hii ni ya Wazungu.