Kasi ya mashine ya santuri

Kasi ya mashine ya santuri ni idadi ya mizunguko ambayo santuri hufanya kwa dakika moja inapochezwa. Kasi za kawaida ni tatu: 33⅓ kwa santuri ndefu, 45 kwa santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande, na 78 kwa zile za zamani zinazovunjika kama kigae. Kasi huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kasi isiyo sahihi iliyotulia, ambapo wimbo mzima huwa mzito au mwembamba kupita kiasi. Ya pili ni kasi inayoyumba, ambapo sauti hupanda na kushuka ndani ya wimbo uleule. Aina hizi mbili zina vyanzo tofauti, kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kujua anashughulika na ipi kabla hajashika bisibisi.

Mashine na umeme wa Nairobi

Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri tangu miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1970 maduka na watayarishaji wa River Road walikuwa wakiuza benga na rumba hasa katika santuri za 45. Baadhi ya hizo bado zinapatikana Soko la Kenyatta, kando ya Kibera. Mashine za kuzichezea ni za mitumba. Mnunuzi wa Kibera huzitafuta Soko la Toi au Gikomba, na wa Kawangware huzipeleka kwa mafundi wa redio wenye vibanda mtaani. Asili ya mashine ni jambo la kuulizia, kwa sababu umeme wa Kenya ni volti 240 wenye marudio ya hezi 50, ilhali ule wa Marekani ni volti 120 na hezi 60.

Mashine nyingi za zamani hutumia mota inayofuata marudio ya umeme. Volti zikipungua jioni, majirani wengi wanapopika na kupiga pasi kwa laini moja, mota hiyo huendelea na kasi ileile mpaka nguvu iishe kabisa. Marudio yakibadilika, kama inavyotokea kwenye jenereta ndogo, kasi hubadilika pia. Mashine za kisasa za bei nafuu zina mota ya umeme wa betri, ambayo haijali marudio, bali hutegemea sakiti yake ndogo ya kurekebisha kasi.

Kupima kabla ya kufungua

Kipimo kinahitaji kipande cha karatasi na simu yenye saa ya kuhesabia sekunde. Karatasi hubandikwa ukingoni mwa sinia, yaani duara zito ambalo santuri hulazwa juu yake. Katika kasi ya 33⅓, mizunguko 100 huchukua dakika 3 kamili, yaani sekunde 180. Katika kasi ya 45, mizunguko 90 huchukua dakika 2. Makosa ya kidole kwenye saa hayazidi nusu sekunde hivi, kwa hiyo hesabu ya mizunguko 100 huonyesha hata tofauti ya asilimia moja. Tofauti ya asilimia 3 hivi ni robo toni, na mpiga gitaa anayejaribu kufuatisha wimbo ataigundua mara moja.

Hesabu hufanywa mara mbili: kwanza sinia likiwa tupu, kisha sindano ikiwa imeshuka kwenye santuri. Majibu yakilingana, mkanda na mota vina nguvu ya kutosha. Sindano ikipunguza kasi waziwazi, kuna kitu kinachoteleza au mota imechoka.

Kuna pia duara la karatasi lenye mistari ambayo huonekana imesimama kasi inapokuwa sahihi. Duara la hezi 50 lina mistari 180 kwa kasi ya 33⅓, na la hezi 60 lina mistari 216. Lililochapwa kwa ajili ya Marekani hudanganya Nairobi. Taa ya kulimulika nayo lazima iwe inayopepesa kwa kufuata umeme, na taa nyingi za LED hazipepesi hivyo.

Kasi isiyo sahihi iliyotulia

Sababu nyepesi kuliko zote ni swichi. Santuri ya 33⅓ ikichezwa kwa 45 huenda haraka kwa asilimia 35, na mwimbaji mzito husikika kama mtoto. Mashine zisizo na nafasi ya 78 haziwezi kucheza kwa kasi yake santuri kama zile ambazo kampuni ya HMV ilimrekodi Siti binti Saad huko Bombay kuanzia 1928. Hata penye nafasi hiyo, santuri hizo hudai sindano nene zaidi.

Swichi inaweza kuwa mahali pake na kasi bado ikakosea. Kwenye mashine nyingi za mkanda, puli ya mota ina ngazi mbili: nyembamba kwa 33⅓ na nene kwa 45. Swichi husukuma uma mdogo unaohamisha mkanda kutoka ngazi moja hadi nyingine. Uma ukikwama kwa grisi iliyoganda, mkanda hubaki kwenye ngazi isiyotakiwa. Kwenye mota ya umeme wa betri, marekebisho huwa ni skrubu ndogo ndani ya tundu la kitako cha mota au kwenye sakiti. Huzungushwa kidogo sana kila mara, kwa bisibisi ya plastiki, na hesabu ya mizunguko hurudiwa.

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi hesabu inavyotaja chanzo. Mashine ina kibandiko cha 120 V 60 Hz, na mwenyewe amenunua transfoma ya kushusha volti ili isiungue. Inawaka, haipati moto, lakini kila wimbo ni mzito. Mizunguko 100 inachukua sekunde 216. Kasi hiyo ni mizunguko 27.8 kwa dakika, yaani 33⅓ ikizidishwa kwa 50 na kugawanywa kwa 60. Transfoma imeshusha volti lakini haikugusa marudio, na mkanda mpya hautabadilisha lolote. Dawa ni puli ya hezi 50, ambayo unene wake unazidi wa awali kwa asilimia 20. Isipopatikana, anaweza kuichonga fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma. Kuizungushia selotepu huongeza unene, lakini pale tepu inapokutana hubaki kinundu, na sauti huanza kuyumba.

Kasi inayoyumba

Kwa kasi ya 33⅓, mzunguko mmoja wa sinia huchukua sekunde 1.8. Mtikisiko unaorudi kila baada ya muda huo unatoka kwenye santuri, sinia au mkanda. Unaorudi mara nyingi zaidi, kama mtetemo, unatoka kwenye puli au mota, au kwenye gurudumu la mpira kwa mashine zisizotumia mkanda.

Santuri huchunguzwa kwanza. Tundu lisilo katikati hufanya mkono wa sindano uyumbe kushoto na kulia. Tundu likiwa pembeni kwa milimita 1, sauti hupanda na kushuka kwa asilimia 1 sindano ikiwa milimita 100 kutoka katikati, na zaidi inapokaribia lebo. Santuri za 45 zenye tundu kubwa huyumba sana zikiwekewa kipete cha kujitengenezea kisichobana. Santuri ya pili, inayojulikana kuwa nzima, humaliza shaka hiyo.

Kutofautisha sinia na mkanda kunahitaji ile karatasi ya ukingoni. Sauti ikilegea kila mara karatasi inapofika mahali palepale, kasoro iko kwenye sinia: limepinda, au halijakaa sawa juu ya ekseli yake. Mkanda uliovaliwa ni mrefu kidogo kuliko mzingo wa duara unalolizungusha, kwa hiyo alama yoyote ya mkanda huchelewa kidogo kila mzunguko. Sauti ikilegea karatasi ikiwa mbele, kisha baada ya mizunguko kadhaa ikiwa pembeni, halafu nyuma, mkanda ndio wenye kosa.

Mkanda

Mkanda uliochakaa hung'aa, huwa na nyufa ndogo ukikunjwa, au hubaki na kikunjo pale ulipokaa kwenye puli miaka mingi bila kuchezwa. Ukiwa umelegea, hesabu ya mizunguko 100 huweza kufika sekunde 186, yaani asilimia 3 chini ya kasi, na huzidi sindano inaposhuka.

Urefu wa mkanda mpya hupatikana kwa kuzungusha uzi njia yote unayopita, kisha kupunguza asilimia 5 hivi ili uwe na mvuto. Mkanda unaokatwa kutoka tyubu ya baiskeli hufanya kazi, lakini una kasoro mbili. Unene wake hautoshani, kwa hiyo sauti huyumba. Tena kwa kuwa ni mnene, huifanya puli iwe kama imenenepa, na kasi hupanda. Ukibana mno huvuta ekseli ya mota upande mmoja na kuimaliza bushi yake.

Uchafu kwenye puli na ekseli

Vumbi la barabara za lami haba huingia kwenye mashine na kuchanganyika na masizi ya mpira. Juu ya puli mchanganyiko huo hufanya kazi mbili zinazopingana. Ukiwa laini, mkanda huteleza na kasi hushuka. Ukiganda kuwa ukoko, huongeza unene: puli ya milimita 11 yenye ukoko wa sehemu moja ya kumi ya milimita pande zote huongeza kasi kwa asilimia 1.8. Ukoko usiosambaa sawasawa huleta mtetemo. Plagi ikiwa imechomolewa, puli husafishwa kwa pamba na spiriti isiyo na mafuta. Mkanda hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu tu, kwa sababu petroli na mafuta ya taa huvimbisha mpira.

Ekseli ya sinia hupimwa kwa kutoa mkanda na kulizungusha sinia kwa mkono. Sinia zito la chuma linapaswa kuendelea muda mrefu na kusimama taratibu. Likisimama baada ya mizunguko michache, mafuta ya ndani ya bushi yameganda. Ekseli hutolewa, hufutwa pamoja na bushi mpaka kitambaa kisitoke weusi, kisha huwekwa tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda na kuwa gundi, na kuyazidisha yoyote huyafanya yapande hadi kwenye mkanda. Kijiti kinachopita kwenye tundu la santuri nacho hufutwa, kwa kuwa nta ya uchafu kwenye shina lake huzuia santuri kulala sawasawa.

Mipaka ya matengenezo ya mtaani

Ekseli iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo kiasi cha kuaminika, na bushi ya mota iliyolika huhitaji mota nyingine. Mashine ambazo mota yake iko moja kwa moja chini ya sinia hazina mkanda wala puli, na kuyumba kwake mara nyingi ni suala la sakiti. Baada ya tengenezo lolote, mashine huachwa izunguke dakika 10 mafuta yapate joto na mkanda ukae, ndipo hesabu ya mizunguko 100 hurudiwa sindano ikiwa juu ya santuri. Kosa lisilozidi sekunde 1 katika 180 halitasikika kwa wengi.