Mdhamini wa mkopo: benki inamdai nini, na mpaka wapi

Neno mdhamini lina kazi nyingi kwetu. Kampuni inayonunua jezi za timu huitwa mdhamini. Anayekwenda mahakamani kumwekea ndugu yake dhamana ni mdhamini. Wazee walioandikishwa kushika mali za msikiti au kanisa ni Bodi ya Wadhamini. Kisha kuna mdhamini wa mkopo, na huyu hafanani na wenzake: yeye anaingia ndani ya deni la mtu mwingine. Wengi huitwa benki na kuambiwa "njoo unidhamini", wakaenda wakidhani wanakwenda kumtambulisha mkopaji, au kushuhudia kwamba ni mtu wa kuaminika. Shahidi wa mkataba akishasaini amemaliza kazi yake. Mdhamini akisaini, yake ndiyo kwanza inaanza.

Kwa kuwa dhamana nayo ina maana mbili, tuzitenganishe kabla ya kwenda mbali. Katika benki zetu "dhamana ya mkopo" ni kitu: nyumba, shamba, gari au akiba iliyozuiliwa. Ahadi ya mtu kwamba atalipa mwenzake akishindwa nitaiita udhamini, nyumba au kiwanja kilichofungwa kwa ajili ya deni nitakiita rehani, na aliyekopa nitamwita mdaiwa mkuu, kama wanasheria wanavyomwita. Tofauti hii si ya kupamba lugha. Anayetoa nyumba bila udhamini wa binafsi, hasara yake inaishia kwenye nyumba. Anayetoa udhamini wa binafsi anawajibika kwa mshahara, akaunti na mali zake nyingine. Fomu nyingi humfanya mtu mmoja atoe vyote viwili, kwenye kurasa mbili tofauti, naye akadhani amesaini kitu kimoja.

Kwa Tanzania mambo haya yako katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo misingi yake ilitokana na sheria ya India ya mwaka 1872. Kanuni yake kuu ni fupi: wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mdaiwa mkuu, isipokuwa mkataba useme vingine. Sawa maana yake ni pamoja na riba, adhabu za kuchelewa na gharama za kudai, ikiwa mkataba wa mkopo unazitaja. Vilevile benki hailazimiki kumshitaki mkopaji kwanza, wala kuuza mali yake kwanza. Mkopaji akishindwa kulipa, benki inaweza kumwandikia mdhamini moja kwa moja. Jibu la "nendeni kwanza kwa aliyekula pesa" ni la haki mtaani, lakini mbele ya hakimu halina nguvu kama halikuandikwa kwenye mkataba.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro anakopa sh milioni 12 kwa miaka 2, riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa juu ya salio. Rejesho la kila mwezi ni kama sh 599,000. Shemeji yake, mwalimu wa sekondari, pamoja na rafiki mmoja, wanasaini udhamini. Duka linalipa marejesho 9, kisha biashara inadorora na malipo yanakoma. Salio la mtaji hapo ni karibu sh milioni 8. Benki inakumbusha, inasubiri, na miezi 6 inapita. Tukadirie riba ya kipindi hicho sh 750,000, adhabu ya kuchelewa sh 250,000, na notisi pamoja na wakili sh 600,000. Deni linakuwa sh milioni 9.6.

Mwalimu alijipigia hesabu yake: wadhamini tuko wawili, kwa hiyo sehemu yangu ni nusu. Lakini fomu ilisema wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maneno hayo yanaipa benki uhuru wa kumdai yeyote kati yao sh milioni 9.6 zote, na benki itamchagua ambaye ni rahisi kumpata. Mwalimu mwenye mshahara unaopita katika benki hiyohiyo ni rahisi kumpata kuliko rafiki aliyehamia Tunduma. Ile nusu kwa nusu ipo, ila ni baina ya wadhamini wenyewe. Mwalimu alipe kwanza, ndipo amdai mwenzake sh milioni 4.8, au amdai mkopaji zote.

Benki itazipataje? Inategemea alichosaini. Kama ana akaunti hapo na mkataba unairuhusu kukata, inaweza kukata bila kwenda mahakamani. Kama ni udhamini wa binafsi mtupu, inapaswa kutoa madai kwa maandishi, kufungua kesi, kupata hukumu, kisha dalali wa mahakama ndiye anayekamata mali. Kama aliweka nyumba rehani, njia ni fupi zaidi: kwa Sheria ya Ardhi benki hutoa notisi ya siku 60 ya kutaka kosa lirekebishwe, na likiachwa inaweza kwenda kwenye mnada bila kupitia kesi. Nyumba ya familia ina kinga moja kubwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwenzi mmoja kuifunga bila ridhaa ya mwenzake. Ndiyo sababu benki huita mke au mume aje na kitambulisho chake. Shemeji mwalimu asimwambie mkewe "ni kikaratasi tu cha benki, mama, saini hapa". Saini hiyo ndiyo inayoondoa kinga.

Kwenye SACCOS mambo ni ya haraka zaidi, kwa kuwa akiba ya mdhamini tayari iko ndani ya chama. Inazuiliwa siku mkopo unapotoka, na kwa kanuni za vyama vingi mkopaji akishindwa inakatwa. Mwanachama hugundua hivyo siku anapotaka kukopa yeye na kuambiwa akiba yake "imeshikwa".

Sasa njia za kupunguza hatari, na zote ni za kabla ya saini. Ya kwanza na yenye nguvu kuliko zote ni kikomo cha fedha. Ile kanuni ya "sawa na mdaiwa mkuu" ina mlango uliofunguliwa na sheria yenyewe: isipokuwa mkataba useme vingine. Basi useme. Lakini kikomo kina mitego miwili. Sentensi isemayo "hadi sh milioni 4 pamoja na riba na gharama zote" haieleweki upesi: je, riba na gharama zimo ndani ya zile nne au juu yake? Taka iandikwe "jumla ya yote, ikiwemo riba, adhabu na gharama, haitazidi sh milioni 4". Mtego wa pili unahusu salio. Mwalimu aliyedhamini milioni 4 katika mkopo wa milioni 12 hudhani amedhamini theluthi, na kwamba kila rejesho linapunguza theluthi yake. Sivyo. Mkopo ukishuka mpaka milioni 8, yeye bado anadaiwa milioni 4 zilezile. Wajibu wake unaanza kupungua pale tu deni lote linaposhuka chini ya milioni 4. Anayetaka theluthi inayopungua na salio aiandike hivyo: "theluthi moja ya salio la deni siku ya madai".

Ya pili ni kutaja mkopo gani. Fomu nyingi zina maneno kama "madeni yote ya sasa na ya baadaye ya mkopaji kwa benki". Huo ndio udhamini endelevu. Mwenye duka akimaliza mkopo huu na kuchukua mwingine wa milioni 25 mwakani, saini ya mwalimu inaweza kuufuata bila yeye kujua. Futa maneno hayo, andika namba, kiasi na tarehe ya mkopo mmoja, kisha nyote mtie saini fupi pembeni mwa mkato. Aliyekwisha kusaini udhamini endelevu hajafungwa milele: sheria inamruhusu kuuvunja kwa notisi kuhusu miamala itakayofuata. Mikopo iliyokwisha kutoka anabaki nayo. Hata kifo kiko hivyo. Kinafunga mlango wa mikopo mipya, lakini deni lililokuwepo huingia kwenye mirathi, na wapo warithi waliolijua deni hilo kwenye kikao cha familia.

Mabadiliko ya mkataba yanahitaji umakini wake. Benki ikibadilisha masharti na mkopaji bila ridhaa ya mdhamini, kwa mfano kuongeza riba, sheria humwachilia mdhamini kwa miamala ya baada ya mabadiliko. Ikifunga na mkopaji makubaliano ya kumpa muda zaidi bila kumshirikisha, humwachilia pia. Lakini kunyamaza si makubaliano: benki iliyokaa miezi 6 bila kumshitaki mkopaji haijamwachilia mtu, na katika mfano wetu ukimya huo ndio ulioongeza riba. Tena tazama vizuri, kwani fomu huwa na kifungu kinachosema mdhamini ameridhia mapema mabadiliko yoyote. Kwa maoni yangu kifungu hicho ni kibaya kuliko kiasi cha mkopo chenyewe, kwa sababu humwondolea mdhamini karibu kinga zote alizopewa na sheria. Kikikataliwa kufutwa, omba angalau mkopo usiongezwe bila saini yako, na benki ikupe taarifa ya maandishi ndani ya siku 14 tangu rejesho la kwanza kukosekana. Rejesho moja la sh 599,000 familia inaweza kulichangia. Sh milioni 9.6 ni habari nyingine.

Uliza pia kuhusu bima ya mkopo. Mikopo mingi huwa nayo, na kwa kawaida hulipa salio mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Haiokoi duka lililofilisika. Hilo litafutiwe mkataba wa pembeni kati yako na mkopaji, akikuachia haki juu ya kitu chenye thamani, kama pikipiki au kiwanja, ikiwa utalazimika kulipa. Kumwambia shemeji hivyo ni kugumu, najua. Ila shemeji anayekasirika kwa kuombwa kiwanja chake ameshakueleza jinsi anavyokiona kiwanja chako.

Na ikifika hatua ya kulipa, usitoe fedha kimya kimya. Taka mchanganuo wa deni kwa maandishi, linganisha na kikomo chako, kisha dai stakabadhi na barua ya kukuachilia. Mdhamini aliyelipa deni lote anasimama mahali pa benki: rehani ambazo benki ilikuwa nazo kwa mkopaji, awe alizijua au hakuzijua, zinakuwa zake kuzitumia. Kwa hiyo akalipe akiulizia mkopaji aliweka nini, na hati ziko wapi. Madai ya mkataba kwa sheria ya Tanzania yana ukomo wa miaka 6, na kwa mdhamini anayemdai mkopaji, miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku anapolipa.