Balehe ya mapema: kwa nini mtoto mrefu huweza kuishia mfupi

Balehe huhesabiwa kuwa ya mapema ikianza kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana. Homoni ya estrojeni, ambayo hata mvulana anayo, kwanza huharakisha kimo. Kisha huigeuza gegedu iliyo karibu na ncha za mifupa, ambako mifupa hurefukia, kuwa mfupa mgumu. Tuseme msichana wa miaka 6 anawapita wenzake wote darasani, lakini eksirei ya mkono wa kushoto inaonyesha mifupa ya miaka 9: miaka 3 ya kukua imekwisha kutumika. Sindano za kuzuia homoni za balehe hupunguza kasi hiyo. Gegedu ikishafunga, haziongezi kimo tena.